Kioo cha 4K kwenye laptopu yenye kadi ya kati

*Shikamoo kaka. Napiga picha na video za harusi hapa Mtwara mjini, usiku nikipata nafasi nacheza gemu. Nimeonyeshwa laptopu mbili za mkono wa pili, aina moja, inchi 15.6, zote zina kadi ya grafiki ya GTX 1650 ya GB 4 na RAM ya GB 16. Tofauti ni kioo tu, moja ni 4K na nyingine FHD. Ya 4K imezidi shilingi 250,000. Fundi mmoja kaniambia 4K itaichosha kadi mpaka iungue. Ni kweli? Nichukue ipi?*

Marahaba mdogo wangu. Kadi haitaungua. Lakini kwa kazi zako, na kwa tofauti hiyo ya bei, mimi ningechukua ya FHD, kwa sharti moja linalohusu rangi ambalo nitalifikia. Tuanze na kadi, maana ndiyo iliyokutia hofu.

Kwenye laptopu nyingi za namna hiyo kioo hakijaunganishwa na GTX moja kwa moja. Kimeunganishwa na grafiki ndogo ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Ukiwa unaandika mkataba wa mteja, unaperuzi mtandaoni au unatazama video, anayechora kioo ni Intel, na GTX imelala. Gemu ikifunguka ndipo GTX inaamshwa, inachora fremu, inaikabidhi kwa Intel, na Intel inaiweka kwenye kioo. Unaweza kulithibitisha hili hapohapo dukani kabla hujatoa hela: fungua Settings, ingia System, kisha Display, kisha Advanced display. Chini ya jina la kioo utasoma kimeunganishwa na nani. Ukiona neno Intel pale, ujue kwa kazi za kawaida kadi yako haijui hata kama kioo ni 4K.

Na mzigo wa kazi za kawaida wenyewe si mkubwa. Kioo cha FHD kina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Cha 4K kina 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Ni mara nne kamili, na hiyo mara nne ndiyo inayowatisha watu. Lakini kila pikseli huchukua baiti 4, kwa hiyo picha nzima ya kioo cha 4K ni kama MB 33 tu. Ukurasa wa Word umetulia. Kinachobadilika ni herufi unayoandika na kishale cha mausi. Grafiki ya Intel ya miaka ya karibuni inalimudu hilo.

Gemu ni habari nyingine, kwa sababu kila fremu huchorwa upya mwanzo hadi mwisho, na kila pikseli inapigiwa hesabu yake ya mwanga, kivuli na rangi. Tufanye hesabu ya mfano. Chukua gemu ya mpira inayokupa fremu 60 kwa sekunde kwenye FHD. Hapo fremu moja inatumia milisekunde 16.7. Tuseme milisekunde 12 zinakwenda kwenye kupaka pikseli, na 4.7 zinazobaki zinakwenda kwenye kazi isiyojali ukubwa wa kioo, kama kupanga maumbo ya wachezaji na jukwaa la mashabiki. Ukihamia 4K zile 12 zinakuwa 48, zile 4.7 zinabaki palepale. Jumla ni milisekunde 52.7 kwa fremu, sawa na fremu 19 kwa sekunde. Hazikushuka hadi robo kamili, lakini mpira wa fremu 19 hauchezeki.

Hapa ndipo fundi wako alipochanganya mambo mawili. Gemu nzito ikiachiwa bila kikomo cha fremu, GTX 1650 inafanya kazi kwa asilimia 99 kwenye FHD, na inafanya kazi kwa asilimia 99 kwenye 4K. Umeme inaokula ni karibu uleule na joto ni karibu lilelile. Mfikirie mpaka rangi anayefanya kazi kutwa nzima: ukimpa ukuta mkubwa mara nne hatoki jasho mara nne, ila jioni ikifika ukuta haujaisha. Tofauti ya joto utaiona kwenye gemu nyepesi tu, ambayo kwenye FHD umeifungia fremu 60 na kadi inatumia nusu ya nguvu zake. Hiyo ukiipeleka 4K itapanda mpaka mwisho. Hata hapo kadi ina ulinzi wake. Ikifika kikomo cha joto inapunguza kasi yenyewe, na ikizidi kabisa mashine inajizima. Laptopu zinazofikishwa mezani kwangu zikiwa zimekufa kwa joto, nikizifungua nakuta feni zimesongwa na vumbi, na kwa walio karibu na bahari mapezi ya kupozea yameanza kuliwa na kutu ya chumvi. Safisha feni mara mbili kwa mwaka, ukikaa Shangani ongeza.

Kuna kitu kimoja kwenye kadi yako ambacho 4K inakiumiza kweli, nacho ni ile kumbukumbu ya GB 4. Gemu ikichorwa kwa 4K, kadi haihifadhi picha moja ya MB 33. Inahifadhi picha nyingi za kati, za kina, za mwanga, za vivuli, na nyingi kati ya hizo hukua mara nne. GB 4 zikijaa, kinachozidi kinamwagikia kwenye RAM ya kawaida, na njia ya kutoka RAM hadi kwenye kadi ni nyembamba mara nyingi kuliko njia ya ndani ya kadi. Dalili yake haifanani na ile ya fremu kupungua. Fremu zikipungua tu, gemu inakuwa nzito muda wote. Kumbukumbu ikijaa, gemu inakwenda vizuri, kisha ukigeuza kamera au ukiingia eneo jipya inaganda nusu sekunde, inaachia, inaganda tena. Ukitaka kuona kwa macho, fungua Command Prompt, andika hii, kisha cheza dakika kumi:

```
nvidia-smi --query-gpu=utilization.gpu,memory.used,temperature.gpu --format=csv -l 2
```

Kila baada ya sekunde mbili itakuandikia mstari mmoja. Safu ya kwanza ikikaa 99 na ya pili ikiwa 2500 au 3000, kadi inafanya kazi tu, imefika mwisho wa nguvu zake. Safu ya pili ikikaribia 4096 na gemu inaganda kila mara, tatizo ni kumbukumbu, na hapo punguza ubora wa texture kabla hujagusa kitu kingine.

Kwa hiyo mwenye kioo cha 4K na GTX 1650 afanyeje? Aingie kwenye mipangilio ya gemu, aweke 1920 × 1080, acheze. Hilo watu wanalisahau: kioo cha 4K hakikulazimishi kuchora 4K. Na hesabu inakubali vizuri, kwa sababu 3840 ni 1920 mara mbili na 2160 ni 1080 mara mbili. Kila pikseli moja ya gemu inaweza kukaa juu ya pikseli nne za kioo bila salio. Kwenye mashine za umri wa hiyo yako grafiki ya Intel hulainisha kidogo inapopanua picha, hivyo haitakuwa kali kama FHD halisi, lakini pikseli za 4K ni ndogo mno, ulaini huo ukikaa umbali wa kawaida unaonekana kwa shida. Gemu yenye FSR ndani yake, yaani njia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa ustadi, itakupa picha nzuri zaidi ya hapo kwa gharama ndogo. DLSS, njia ya NVIDIA ya kazi hiyohiyo, usiihesabu, GTX 1650 haina.

Kioo chenye kuleta usumbufu wa kweli kwa kadi ya kati ni cha katikati, 2560 × 1440. Pikseli zake ni milioni 3.7, karibu mara 1.8 ya FHD, kadi inahema. Ukishusha gemu hadi FHD, 2560 gawanya kwa 1920 unapata moja na theluthi. Pikseli moja haiwezi kukaa sawasawa juu ya pikseli moja na theluthi, kwa hiyo maandishi ya gemu, majina ya wachezaji na ramani ndogo ya pembeni vinapata ukungu unaouona wazi. Ukipewa cha namna hiyo kwenye kadi kama yako, kiache hata kikiwa bei sawa, kama gemu ni sehemu ya maisha yako.

Sasa kazi inayokulisha. Kwenye kuhariri video, kioo karibu hakina neno. Anayeelemewa ni yule anayefungua klipu za kamera na kuzipaka rangi, na mzigo wake unatokana na rezolusheni ya klipu na ya timeline, wala si ya kioo. Klipu za 4K zitaibana GTX 1650 ya GB 4 vilevile kwenye laptopu zote mbili. Kama unatumia DaVinci Resolve, weka timeline 1920 × 1080 wakati unakata na kupaka rangi, kisha siku ya kutoa kazi rudisha 3840 × 2160. Video itatoka 4K kamili ingawa kioo chako ni FHD. Mteja akitaka kuitazama kwenye televisheni yake ya 4K, unamchomekea HDMI na inakwenda. Hakikisha tu tundu ni la HDMI 2.0, kwa sababu la 1.4 litaipeleka 4K kwa fremu 30.

Kwenye picha za kawaida mambo yanageuka kidogo, na hili wauzaji hawalisemi. Lightroom huchora upya ile picha kubwa ya katikati kila unapovuta kitelezi, na kazi hiyo inaongezeka kadiri sehemu ya kioo inayoijaza ilivyo na pikseli nyingi. Adobe wenyewe wanashauri wenye vioo vya 4K wapunguze ukubwa wa dirisha kama programu inasuasua. Kwa mtu mwenye picha 900 za harusi moja, kuchelewa kidogo kwa kila kitelezi kunakula usiku wake. Tena kuna mtego wa pili: ukikuza picha hadi asilimia 100 kwenye kioo cha 4K cha inchi 15.6 ili ukague kama macho ya bibi harusi yameshika fokasi, pikseli ni ndogo kiasi kwamba picha iliyotikisika kidogo inaonekana kali. Unaipitisha, unaichapisha kubwa ya kutundika ukutani, ndipo unaona. Wenye 4K inabidi wakague kwa asilimia 200.

Utaniuliza, basi macho yanapoteza nini kwenye FHD? Pikseli moja ya FHD kwenye inchi 15.6 ina upana wa milimita 0.18, ya 4K 0.09. Jicho zima, linaloona sawasawa, likiwa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, linaanza kushindwa kutenganisha vitu karibu na milimita 0.17 au 0.18. Kwa hiyo ukikaa kama watu wanavyokaa mezani, FHD iko mpakani. Ukisogea sentimita 40 utaona ngazi ndogondogo kwenye kingo za herufi, na kwenye 4K hutaziona. Anayesoma maandishi madogo kutwa atafurahia 4K kweli, sibishi.

Ninachokuomba ukitazame kuliko idadi ya pikseli ni rangi. Kijana mmoja mpiga picha kutoka Masasi aliniletea laptopu yake akidhani kadi imeharibika, kwa sababu picha zake zilikuwa zikirudishwa na wateja. Tuliiweka kaunta, tukafungua picha ya bibi harusi aliyejifunga kanga nyekundu. Kwenye kioo chake kanga ilikuwa na rangi ya tofali. Kwa kuwa aliiona imefifia, alikuwa amepandisha saturation mpaka kwenye macho yake ikawa nyekundu. Nikaifungua picha hiyohiyo kwenye simu yake: mashavu ya bibi harusi yalikuwa ya chungwa, na mikunjo ya kanga imepotea yote, imebaki kama kipande cha plastiki chekundu bila maandishi. Kioo chake kilikuwa FHD cha bei rahisi, kile ambacho kwenye karatasi za watengenezaji huandikwa 45% NTSC. Kioo cha namna hiyo kinaonyesha takribani theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, ambazo ndizo simu na mtandao vinazitegemea. Kadi yake ilikuwa nzima kabisa.

Hilo ndilo sharti nililolitaja. Vioo vingi vya 4K vya laptopu za kazi vina rangi nzuri kwa sababu viliuzwa kwa wabunifu. Vya FHD vipo vya aina mbili, vizuri na vibaya, na kwa nje havitofautiani. Kama FHD uliyoonyeshwa ni 100% sRGB, chukua hiyo. Kama ni 45% NTSC, iache, ongeza hizo 250,000 uchukue 4K, na gemu utazicheza kwa 1920 × 1080 kama nilivyokueleza. Kwa mpiga picha hakuna gemu inayostahili kuharibiwa rangi za wateja.

Zipo sababu mbili nyingine zinazonifanya niegemee FHD kwa mtu anayeishi huku kwetu. Ya kwanza ni betri. Kwenye kioo cha 4K cha LCD kila pikseli ni ndogo, na nyaya na vidude vinavyoiwasha vinaziba sehemu kubwa ya tundu la kupitishia mwanga. Taa ya nyuma inalazimika kuwaka kwa nguvu zaidi ili upate mwangaza uleule. Kwenye laptopu za aina moja betri ya 4K huwahi kuisha, mara nyingi kwa saa moja au zaidi. Ukiwa ukumbini Newala unahamisha kadi za kamera na umeme umekatika, saa hiyo unaijua thamani yake.

Ya pili ni siku kioo kitakapovunjika. Kioo cha kawaida cha FHD cha 60 Hz, kisicho cha kugusa, huwa na plagi ya pini 30, na cha 4K huwa na pini 40, kwa sababu data ni nyingi na inahitaji njia zaidi. Huwezi kuchomoa kimoja ukachomeka kingine bila kubadili kebo inayotoka kwenye ubao mkuu, na kebo hiyo ni ya aina ya laptopu husika. Cha FHD cha inchi 15.6 chenye pini 30 nakipata Dar bila kusumbuka, kinapakiwa kwenye basi, kesho yake kipo Mtwara. Cha 4K nimewahi kukisubiri wiki tatu, na kilipofika bei yake ilinifanya nimwite mteja kwanza kumuuliza kama bado anataka kukitengeneza.

Ukirudi kwa muuzaji, fanya hivi. Kwenye ile ya FHD fungua Device Manager, nenda Monitors, bonyeza mara mbili jina la kioo, ingia Details, kisha chagua Hardware Ids. Utaona maandishi kama `MONITOR\` yakifuatiwa na herufi tatu za mtengenezaji na alama nne za tarakimu au herufi. Yanakili, uyatafute mtandaoni pamoja na jina la laptopu, mara nyingi utapata karatasi ya kioo yenye kiwango cha rangi na mwangaza. Tafuta sRGB iliyo karibu na 100 na mwangaza usiopungua niti 300. Ukikosa, tumia macho. Chukua picha yako moja yenye nyekundu kali unayoijua, ifungue kwenye laptopu zote mbili na kwenye simu yako, mwangaza ukiwa umepandishwa hadi mwisho, uziweke sambamba. Ikiwa nyekundu ya FHD inakaribiana na ya simu, umepata kioo. Ikielekea kwenye tofali au chungwa, umeshaona.

Kisha kwenye zote mbili andika hii kwenye Command Prompt:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuonyesha faili ilipohifadhiwa. Ifungue, ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Namba ya pili ikiwa chini ya asilimia 70 ya ile ya kwanza, toa bei ya betri mpya kwenye bei anayokutajia. Kwenye ile ya 4K ifanye hesabu hiyo kwa ukali zaidi, kwa sababu kioo chake kitaimaliza betri iliyochoka kabla hujamaliza kunakili kadi ya pili ya kamera.